Ukifunga Mfereji Paipu Zinapiga "Dum!"? Hii Ndiyo Sababu, na Vile Utazinyamazisha

Umetoka wera saa nne usiku, umeosha sufuria yako moja, umefunga mfereji wa jikoni, na ukuta ukakujibu: DUM! Wakati mwingine inafuatwa na dum-dum ndogo ndogo zinazopotelea juu kwa dari. Jirani anadhani unampigia ukuta. Wewe unadhani ni yeye.

Niliishi na hiyo kelele miezi kadhaa kwa keja ya chini, ploti ya ghorofa tano hapa Nairobi, tangi likiwa juu ya paa. Nikazoea, na hapo ndipo nilikosea. Siku moja rangi nyuma ya sinki ikaanza kufura na kubanduka. Keateka akaja, akaangalia, akasema nimeharibu mfereji na itakatwa kwa dipo yangu. Fundi alipovunja plasta, mfereji ulikuwa sawa kabisa. Elbo iliyofichwa ndani ya ukuta ndiyo ilikuwa imelegea kwa tredi, inavuja tone baada ya tone. Nyundo ya maji ilikuwa imeigonga kila siku mpaka ikachoka.

Kwa hivyo kama paipu zako zinapiga, wacha nikupange kabla ukuta haujaanza kulia machozi.

Ni nini hupiga?

Watu wengi hudhani ni hewa. Hewa huwa na kelele yake: maji yakirudi baada ya mgao, mfereji hutema mate, hukohoa, halafu hutulia. Hiyo dum inayokuja kila ukifunga ni kitu kingine. Ni maji yenyewe kugonga breki.

Chukua keja yangu. Kutoka tangi mpaka sinki ni kama mita 20 za paipu ya chuma ya nusu inchi. Ndani ya hiyo paipu kuna karibu lita nne za maji, yaani kilo nne. Mfereji ukiwa wazi, kilo hizo zote zinatembea pamoja kama wasee kwenye foleni. Ukifunga ghafla, yule wa mbele anasimama papo hapo, lakini wa nyuma hawajapata habari. Wanamgonga. Maji hayabonyei kirahisi kama hewa, kwa hivyo ule mgongano wote unageuka kuwa presha.

Presha hiyo haikai pahali pamoja. Inarudi nyuma kwa paipu kama wimbi, kwa spidi ya karibu mita 1,300 kila sekunde ikiwa paipu ni ya chuma. Inafika kwa tangi, inageuka, inarudi kwa mfereji, inagonga tena. Ndiyo maana unaskia dum moja kubwa halafu zingine ndogo. Kila safari inapoteza nguvu kidogo.

Aliyepiga hesabu ya hii mambo vizuri ni Mrusi Nikolai Zhukovsky, aliyefanya majaribio na paipu ndefu za maji za jiji la Moscow na kutoa kazi yake mwaka 1898. Alichogundua kinaweza kusemwa kwa sentensi moja: ukubwa wa pigo unategemea spidi uliyoikata, si ukubwa wa mfereji. Kwa paipu ya chuma, kila mita moja kwa sekunde unayoisimamisha ghafla inaongeza presha ya kama baa 13. Si baa ya pombe; hii ni ile ya kupima presha. Taya ya gari huwa na kama baa mbili na kitu.

Pima spidi ya maji yako na mtungi

Huhitaji mashine yoyote. Chukua mtungi wa lita 20, fungua mfereji wote, na uangalie saa ya simu. Wangu ulijaa kwa sekunde 60. Kwa paipu ya chuma ya nusu inchi, hiyo ni spidi ya karibu mita 1.7 kwa sekunde, kama mtu anayetembea kwa haraka akikimbizana na matatu.

Sasa zidisha: 1.7 mara 13 ni karibu baa 22. Hiyo ni kama mara kumi ya presha ya taya ya gari, inayopiga kila elbo na kila tii ndani ya ukuta. Na tangi lenyewe, likiwa mita 15 juu yako, linatoa baa moja na nusu tu maji yakiwa yametulia. Unaona sasa kwa nini "lakini presha yetu ni kidogo" si jibu.

Kuna habari njema ndani ya hiyo hesabu, lakini. Baa 22 ni pale unapofunga haraka kuliko wimbi linavyoweza kwenda na kurudi. Kwa mita 20, safari hiyo inachukua kama sehemu tatu kwa mia za sekunde. Mkono wa mtu hauna haraka hivyo, kwa hivyo kwa kawaida pigo huwa chini ya hapo. Shida ni ile mifereji ya leva, inayofungwa kwa robo ya mzunguko. Ukiipiga kofi, maji mengi yanakatwa pale mwisho kabisa, kwa muda mfupi sana. Valvu ya mashine ya kufua ni mbaya zaidi, kwa sababu inajifunga yenyewe kwa mpigo mmoja.

Paipu za plastiki kama PPR hutanuka kidogo, na wimbi ndani yake huenda polepole zaidi, kwa hivyo pigo lake ni dogo. Lakini kama hazijashikwa vizuri na klipu, bado zitaruka na kugonga ukuta.

Kwanza hakikisha ni nyundo

Fungua mfereji wote, halafu ufunge polepole sana, uhesabu mpaka tatu. Kama kelele imepotea, ni nyundo ya maji. Huna haja ya kutafuta mchawi.

Kama paipu inatoa "trrrr" wakati maji bado yanamwagika, hasa mfereji ukiwa nusu wazi, hiyo ni wosha iliyolegea ndani ya mfereji huo. Badilisha wosha, kazi imeisha. Na kama dum inakuja wakati hakuna mtu amegusa mfereji kwako, skiza pampu ya ploti. Ikizimwa, maji yaliyokuwa yanapanda hurudi chini na kuifunga kwa kishindo ile valvu inayozuia maji kurudi. Hiyo ni kazi ya landlodi. Usianze kuvunja ukuta wako.

Vile utaizima, kuanzia bei ya chini

Ya kwanza ni bure: funga polepole. Sekunde moja au mbili zinatosha kushusha pigo mpaka lisiskike. Kama unaishi na watoto au wageni wanaopiga leva kofi, weka mfereji wa kuzungusha. Huo hauwezi kufungwa kwa mpigo hata ukitaka.

Ya pili pia haina gharama: punguza spidi ya maji. Tafuta geti valvu ya keja yako, ile ya gurudumu dogo, mara nyingi iko juu ya choo au nje kwa korido. Ifunge kidogo kidogo huku ukijaza ule mtungi tena. Mimi nilisimama pale mtungi ulipochukua sekunde 90. Spidi ilishuka kutoka 1.7 mpaka kama 1.1, na pigo likapungua kwa theluthi. Kwa sinki hautaona tofauti. Lakini kuwa chonjo na insta shawa: maji yakiwa machache sana haitawaka. Na kama geti valvu yenyewe itaanza kuvuma, ifungue kiasi mpaka inyamaze.

Ya tatu ni kushika paipu. Mara nyingi kelele kubwa si ya maji bali ya paipu inayoruka na kugonga ukuta. Gusa paipu zinazoonekana chini ya sinki na bafuni huku mtu mwingine akifunga mfereji. Pale inaporuka ndipo panahitaji klipu. Paipu ya plastiki ya nusu inchi inataka klipu kila sentimita 60 hivi. Ya chuma inaweza kuvumilia mita moja na nusu. Weka kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya klipu na paipu ili chuma kisigonge chuma. Lakini kumbuka, klipu zinaua kelele tu. Presha ndani bado iko, kwa hivyo fanya hii pamoja na ile ya pili.

Ya nne ni kuyapa maji mto wa kugonga. Fundi anaweka tii karibu na mfereji, halafu kipande cha paipu kinachosimama wima, kama sentimita 30 mpaka 60, kikiwa kimefungwa juu na kepu. Hewa iliyonaswa humo inabonyea pigo linapokuja, kama springi. Ubaya ni kwamba hewa hiyo huyeyuka polepole kwenye maji, na baada ya muda kelele inarudi. Ikirudi, funga geti valvu, fungua shawa na mfereji wa chini kabisa mpaka paipu zikauke, funga mifereji, halafu urudishe maji polepole. Hewa itakuwa imejaa tena.

Kama una mashine ya kufua, bora ununue ile chupa ndogo ya chuma ambayo mafundi huita aresta. Ndani yake kuna pistoni au mpira unaotenga hewa na maji, kwa hivyo hewa haiyeyuki. Inafungwa hapo hapo kwa mfereji wa mashine. Ikiwekwa mbali, pigo litakuwa limeshapita.

Kabla ya kumpigia keateka

Mimi niliponea kwa sababu fundi alimwonyesha landlodi ile elbo, na mfereji niliosingiziwa ukiwa hauna kasoro. Wewe usingoje ukuta uvunjwe. Rekodi dum hiyo kwa video, ukionyesha ukifunga haraka halafu ukifunga polepole. Andika mtungi umejaa kwa sekunde ngapi. Kisha funga mifereji yote na uangalie mita ya maji, kama keja yako ina yake. Ikiendelea kuzunguka huku hakuna anayetumia maji, huenda kuna kiungo kimeshaachia mahali, na kama kiko ndani ya ukuta, hata ukifunga polepole namna gani, ukuta lazima ufunguliwe.