Kabla lori halijaondoka: Hakiki anwani ya ghala na utaratibu wa getini, Mbulu na Hanang

Lori la mbolea likitoka Arusha likiwa na karatasi iliyoandikwa "Mbulu" tu, dereva bado hajajua anakwenda wapi. Jina hilo lina halmashauri mbili: ya Mji wa Mbulu, na ya Wilaya ya Mbulu yenye miji kama Dongobesh na Haydom. Njia za kwenda huko ni tofauti.

Kwa Mbulu mjini, dereva anaweza kupita Karatu, au akaacha lami Mbuyu wa Mjerumani na kupanda mlima Magara. Kwa Dongobesh, anaweza kwenda hadi Babati, kisha Dareda, ndipo akate. Akigundua kosa akiwa na tela juu ya Magara, kugeuza si kazi ndogo, hasa mvua ikinyesha.

Hanang nayo ina mtego wake. Hanang ni wilaya na ni mlima, ila mji wake mkuu ni Katesh, kwenye barabara ya Babati–Singida. Mzigo wa "Hanang" unaweza kuwa wa Katesh, Endasak au Basotu. Majina pia yanafanana masikioni: Endasak ipo Hanang, Endagikot ipo Mbulu. Kwenye simu yenye kelele, dereva anaweza kusikia jina moja badala ya lingine.

Anwani iliyokamilika

Meseji kwa dereva iwe na wilaya, kata, kijiji au mtaa, jina la ghala kama lilivyo kwenye kibao, na namba ya simu ya mtunza ghala. Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, majengo mengi yana namba na barabara zina majina, hivyo navyo viandikwe. Pini ya ramani itumwe na mtu aliyesimama getini, si aliye ofisini mjini.

Alama za njiani zithibitishwe upya. Maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 kutoka Mlima Hanang yalisomba nyumba na maduka Katesh. Maelekezo ya "pita duka fulani" yaliyotolewa kabla ya hapo huenda hayafai tena.

Kisha dereva arudie mwenyewe, asiishie kusema "sawa bosi":

– Kaka, niambie unashusha wapi na unapita wapi.
– Dongobesh, bosi. Napita Babati, nakata Dareda.
– Getini unamuulizia nani?
– Mtunza ghala, namba yake ninayo.

Akisema "napita Karatu", kosa limeonekana kabla mafuta hayajaungua.

Maswali manne ya getini

Mtunza ghala apigiwe simu siku moja kabla, na majibu yake yafikishwe kwa dereva.

1. Geti linafungwa saa ngapi, na lori lililochelewa linalala wapi?
2. Tela linaingia na kugeuka ndani, au mzigo unashushwa nje?
3. Mlinzi anataka nini? Mara nyingi ni leseni, hati ya mzigo, na namba za gari na tela. Mlinzi atumiwe namba hizo mapema.
4. Vibarua wa kushusha analipa nani? Hapa ndipo lori hukwama hata likiwa limefika kwa wakati.

Kwa mahindi, kuna swali la tano: unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni usiozidi asilimia 13.5. Ghala likichoma magunia kwa bambo na kukuta umezidi, mzigo unaweza kurudishwa. Ni bora kupima kabla ya kupakia.

Mfano: mifuko 600

Tuseme lori limebeba mifuko 600 ya mbolea ya kilo 50, yaani kilo 30,000. Ghala lenye mizani hupima lori likiingia na likitoka tupu. Likiingia na kilo 46,180 na kutoka na 16,100, mzigo ni kilo 30,080. Zile 80 za ziada zinaweza kuwa uzito wa mifuko yenyewe.

Jibu likiwa 29,780, pungufu ni 300 ukilinganisha na matarajio hayo, sawa na mifuko sita hivi. Kabla ya kumshuku dereva, iulizwe kwanza: je, utingo alikuwa ndani ya gari wakati wa kuingia na kutoka? Maturubai yalikuwepo mara zote mbili? Utingo na maturubai wakiwepo mara moja tu, hesabu inapotoka. Halafu mifuko ihesabiwe upya.

Mahali pasipo na mizani, idadi ya mifuko ndiyo ushahidi. Mtunza ghala aandike idadi aliyopokea na mifuko iliyopasuka, asaini na kugonga muhuri, na dereva apige picha ya hati hiyo kabla hajatoka getini. Akishaondoka bila saini, ubishi wa mifuko sita utamwangukia yeye.