Usafishaji wa data za odi

Usafishaji wa data za odi ni kazi ya kupanga na kusahihisha kumbukumbu za bei za ubashiri zilizokusanywa kutoka kampuni mbalimbali, ili bei zinazolinganishwa ziwe kweli za mechi moja na za wakati mmoja. Odi ni kiwango ambacho kampuni huahidi kulipa kwa kila shilingi iliyowekwa. Odi ya 2.10 ina maana kwamba mtu aliyeweka shilingi 1,000 atapokea shilingi 2,100 akipatia.

Ukigawanya 1 kwa odi, unapata uwezekano ambao bei hiyo inaudokeza. Kwa kampuni moja, jumla ya uwezekano wa ushindi wa nyumbani, sare na ushindi wa ugeni huzidi 1 kidogo, na ziada hiyo ndiyo sehemu ya kampuni. Data chafu huharibu hesabu hii kwa njia tatu: timu moja kuhesabiwa kama mbili au mbili kama moja, saa kusomwa vibaya, na bei ya zamani kuchukuliwa kuwa bado inatumika. Makala hii inaeleza makosa hayo kwa mifano ya Ligi Kuu Tanzania Bara, hasa klabu ya Tabora.

## Kuoanisha majina ya timu

Kila kampuni huandika majina kwa namna yake. Klabu moja ya Dar es Salaam inaweza kuonekana kama "Yanga", "Young Africans" au "Young Africans SC". Hatua ya kwanza ni kuondoa tofauti zisizo na maana: herufi kubwa na ndogo, nukta, nafasi za ziada, na vifupisho vya FC na SC. Maneno yanayotambulisha timu nyingine hayaondolewi. "Simba Queens" na "Yanga Princess" ni timu za wanawake, na zikipunguzwa kuwa "Simba" na "Yanga" bei zao zitaingia kwenye mechi za wanaume.

Baada ya hapo wengi hutumia programu inayopima mfanano wa maandishi kwa kuhesabu herufi zinazopaswa kubadilishwa, kuongezwa au kufutwa ili jina moja liwe jingine. Katika ligi ya Tanzania njia hii peke yake hupotosha. Kutoka "Yanga" hadi "Young Africans" ni mabadiliko 10, ingawa ni klabu moja. Kutoka "Singida Big Stars" hadi "Singida Black Stars" ni mabadiliko 4 tu, ingawa ni klabu mbili tofauti.

Kisa cha Singida kinaonyesha kwa nini jina lazima liende pamoja na wakati wake. Singida Big Stars iliitwa Singida Fountain Gate mwaka 2023, kisha Fountain Gate mwaka 2024. Mwaka huohuo wa 2024, klabu nyingine iliyokuwa ikiitwa Ihefu ikawa Singida Black Stars. Kwa hiyo kifupisho "Singida BS" katika data za msimu wa 2022/23 ni Big Stars, lakini katika data za 2024/25 ni Black Stars. Anayeunganisha kwa jina tu ataishonea klabu moja historia ya nyingine, na hakuna herufi itakayomwonya.

Dawa yake ni jedwali la majina linalotengenezwa kwa mkono, ambamo kila klabu ina namba yake ya kudumu na kila jina lina kipindi chake:

| Namba | Jina katika data | Kipindi |
|---|---|---|
| 1 | Kitayosce | hadi 2023 |
| 1 | Tabora United | 2023 hadi 2025 |
| 1 | TRA United | kuanzia 2025 |
| 2 | Singida Big Stars | 2022 hadi 2023 |
| 2 | Singida Fountain Gate | 2023 hadi 2024 |
| 2 | Fountain Gate | kuanzia 2024 |
| 3 | Ihefu | hadi 2024 |
| 3 | Singida Black Stars | kuanzia 2024 |

Programu ya mfanano hubaki kuwa msaidizi wa kupendekeza, na mtu anayeijua ligi ndiye anayeamua. Jina lisilopatikana kwenye jedwali husimamishwa lichunguzwe, halibahatishwi. Ligi yenye timu 16 haina majina mengi kiasi cha kushinda kazi ya jioni moja.

Bei zenyewe husaidia kuhakiki. Kampuni nne zikiwa na odi za karibu 1.40 kwa ushindi wa nyumbani, na ya tano ikiwa na 6.00, kwa kawaida ama mwenyeji na mgeni wamebadilishana nafasi katika data, ama timu si ile iliyodhaniwa.

## Kuitambua mechi

Katika ligi ya timu 16 ambapo kila timu hucheza nyumbani na ugenini na kila nyingine, msimu una mechi 240, na kila jozi ya mwenyeji na mgeni hutokea mara moja tu. Kwa sababu hiyo mechi hutambuliwa vizuri kwa vitu vinne: shindano, msimu, mwenyeji na mgeni. Tarehe haifai kuwa kitambulisho, kwa kuwa ratiba hubadilika na viporo ni vingi.

Hata hivyo tarehe iliyopangwa haitupwi. Mechi ya Yanga na Simba iliyopangwa kuchezwa tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa, ikachezwa tarehe 25 Juni 2025, na Yanga ikashinda 2-0. Kwa vitu vinne vilivyotajwa, hiyo ni mechi moja. Lakini bei za Machi zilitolewa kwa kikosi, majeruhi na msimamo wa ligi wa Machi. Mtu akichukua bei ya mwisho ya Machi na kuipima kwa matokeo ya Juni, anapima kitu ambacho hakikuwepo. Kila bei basi hubeba pia muda wa kuanza uliokuwa umepangwa siku ilipochukuliwa. Muda huo ukibadilika, bei za awali hutiwa alama ya "ratiba ya zamani".

## Saa na majira

Tanzania hutumia saa ya Afrika Mashariki, inayotangulia UTC kwa saa tatu mwaka mzima. Kanuni ya msingi ni kuhifadhi kila muda kwa UTC, na kuubadilisha kuwa saa ya mahali wakati wa kuonyesha tu.

Kosa la kwanza ni la Kiswahili chenyewe. Tangazo linalosema mechi itaanza "saa 10:00 jioni" lina maana ya 16:00. Programu, au mtu asiye makini, akiliandika kama 10:00, mwanzo wa mechi unasogea nyuma kwa saa sita. Bei zote zilizochukuliwa kati ya 10:00 na 16:00 zitaonekana kuwa za mechi inayoendelea, na huenda zikafutwa. Dalili yake ni rahisi kuiona: mechi "imeanza" lakini bei zinaendelea kutembea polepole kama kawaida ya kabla ya mechi.

Kosa la pili hutoka kwa kampuni zinazotumia saa za Ulaya. Mechi ya saa 10:00 jioni mjini Tabora ni 13:00 mjini London wakati wa baridi, lakini ni 14:00 saa za huko zinaposogezwa mbele, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Anayeongeza saa tatu mwaka mzima hukosea kwa saa moja katika sehemu ya msimu. Ni salama zaidi kuitajia kompyuta jina la eneo kuliko kuongeza saa kwa mkono:

```python
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo

eneo = ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")
mwanzo = datetime(2025, 2, 1, 16, 0, tzinfo=eneo)
print(mwanzo.astimezone(ZoneInfo("UTC")))
# 2025-02-01 13:00:00+00:00
```

Data iliyokwisha kuharibika hukaguliwa kwa kuhesabu mechi kulingana na saa ya kuanza. Mechi nyingi za ligi zikionekana kuanza asubuhi au usiku wa manane, saa zimesomwa vibaya.

## Bei iliyochacha

Bei iliyochacha ni ile inayoonekana kwenye data ingawa kampuni haiitoi tena, au imesahau kuibadilisha. Ili kuigundua, kila mstari wa data unahitaji muda wa aina mbili: muda ambao kampuni ilibadilisha bei, na muda ambao mkusanyaji aliichukua. Kwenye data nyingi hupatikana ule wa pili tu, hivyo bei ya asubuhi iliyochukuliwa tena alasiri huonekana mpya.

Chukua mechi ya msimu wa 2024/25 kati ya Tabora United na Singida Black Stars katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, kwa bei za kubuni. Asubuhi kampuni A ilitoa 2.10 kwa nyumbani, 3.10 kwa sare na 3.60 kwa ugeni. Jumla ya uwezekano ni 1.077, kiwango cha kawaida. Mchana zikaja habari kwamba wachezaji kadhaa wa wageni hawatacheza. Kampuni B ikashusha bei ya nyumbani: 1.65, 3.50 na 5.50, jumla 1.074. Kampuni A ikafunga dirisha la mechi hiyo, lakini ukurasa wake ukaendelea kuonyesha bei za asubuhi.

Saa 9:30 alasiri mkusanyaji anachukua bei bora kwa kila tokeo: 2.10 ya A, kisha 3.50 na 5.50 za B. Jumla ni 0.944. Ikiwa chini ya 1, hesabu inaahidi faida ya hakika: shilingi 100,000 zikigawanywa kwa uwiano unaofaa zitaleta karibu 5,960 za ziada kwa tokeo lolote. Mtu anayeiamini anaweka kwanza karibu 49,540 kwa sare na ugeni katika kampuni B, na B inapokea. Kisha anakwenda A kuweka 50,460 kwa nyumbani, anakataliwa. Sasa ameshikilia upande ambao habari za mchana zimeudhoofisha. Akirudi B kununua nyumbani kwa 1.65, jumla inarudi juu ya 1 na hasara ni ya hakika.

Kwa hiyo jumla iliyo chini ya 1 ni sababu ya kuikagua data kwanza. Maswali ni mawili: je, bei za A zimesimama huku za kampuni nyingine zikisogea? Je, kusimama huko kumezidi kikomo kilichowekwa? Kikomo hutegemea ligi na muda uliobaki. Siku moja kabla ya mechi saa kadhaa bila badiliko ni jambo la kawaida, lakini katika saa ya mwisho dakika 15 zinaweza kutosha kutia shaka. Bei yenye shaka haifutwi. Hutiwa alama na kuachwa nje ya ulinganisho, ili baadaye ijulikane data zilikuwaje.

## Mipaka

Kusimama peke yake hakuthibitishi kuchacha. Katika mechi zisizofuatiliwa na wengi, kampuni zote huweza kuacha bei zilezile kwa saa nyingi, na zote zikawa halali. Vilevile bei iliyo mbali na kundi si lazima iwe mbovu, kwani kampuni inayopata habari mapema huonekana peke yake kwa muda. Tofauti huonekana baadaye. Kundi likisogea kuelekea bei ile, ilikuwa ya kwanza kusogea. Bei ile ikiruka ghafla kulifuata kundi, ilikuwa imechacha. Mkusanyaji anayefuta kila bei ya pembeni hujinyima kuona tofauti hiyo, na jumla zake huonekana safi kuliko soko lilivyokuwa.

Uthibitisho kamili kwamba bei ilikuwa hai hupatikana pale tu kampuni ilipoipokea kwa fedha halisi. Data za kurasa haziwezi kuutoa, hata zikisafishwa namna gani.