Vyeti vya kubeba kabla ya joho: kwa wanafunzi wetu walioko Garissa

Wazazi kadhaa wa Lamu na Tana River wenye watoto Chuo Kikuu cha Garissa wameniuliza swali moja: mtoto akiwa bado yuko chuoni, asomee cheti gani cha ziada ili asikae nyumbani akishavua joho? Walimu na wahasibu wana njia zao, na hata namba ya usajili ya TSC mwalimu haipati mpaka awe na cheti cha shahada. Leo nawazungumzia wanaosomea afya, maendeleo ya jamii, mazingira na takwimu, kwa sababu kwao Garissa ina mlango wake.

Mlango huo ni kazi ya nyanjani. Kaunti ya Garissa ina kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, ambazo zilianza kati ya mwaka 1991 na 1992. Tena ni nchi ya ukame: kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Mambo haya mawili yameleta mashirika mengi, na kila shirika lahitaji takwimu za watoto, maji na mifugo. Mara nyingi kazi ya kwanza ya kijana huwa ni ukarani wa takwimu wa wiki moja au mbili. Ni kazi fupi, lakini msimamizi aliyekuona ukifanya vizuri ndiye atakayekuita tena.

Cheti cha kwanza ni BSAFE, mafunzo ya usalama ya Umoja wa Mataifa. Hupatikana kwenye training.dss.un.org na ni bure kabisa. Unafungua akaunti, unapitia masomo, unajibu maswali ya mwisho, kisha unapakua cheti chako. Kimechukua nafasi ya kozi za zamani zilizokuwa zikiisha muda. Mashirika mengi hayakuruhusu kupanda gari la kwenda kambini bila ya cheti hiki, kwa hivyo aliye nacho mkononi anaweza kuondoka kesho, na asiye nacho huachwa.

Hapa makosa ni mawili. La kwanza ni jina: likiandikwa tofauti na la kitambulisho, cheti kinakuwa na mashaka. La pili ni kumlipa mtu wa saiba akufanyie. Utalipia kitu cha bure, akaunti itafunguliwa kwa barua pepe yake, na siku utakapotaka nakala nyingine hutaipata. Tumia barua pepe yako mwenyewe, wala si ile ya chuo ambayo huenda ikafungwa ukimaliza.

Cheti cha pili ni cha huduma ya kwanza. Hiki si cha mtandaoni; ni lazima ukae darasani na ufanye kwa mikono. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance hufundisha, na cheti chao huwa na tarehe ya mwisho. Kwa sababu hiyo usikimbilie kukichukua mwaka wa kwanza. Kichukue mwaka wa mwisho, ili kiwe hai unapoomba kazi.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo ni ujuzi wa kukusanya takwimu kwa simu. Mashirika mengi hutumia KoboToolbox: fomu hutengenezwa kwenye kompyuta, karani huijaza kwenye simu kwa programu ya KoboCollect hata pasipo mtandao, kisha huituma akifika penye mtandao. Kozi za bure zenye vyeti kuhusu kazi za misaada na takwimu ziko kwenye kayaconnect.org. Lakini cheti cha kozi chasema tu kwamba ulisoma. Msimamizi anataka kujua kama unaweza, na jibu ni fomu uliyoitengeneza mwenyewe.

Tuchukue mfano wa binti wa mwaka wa tatu anayesomea afya ya jamii. Likizo ndefu inafika. Anafungua akaunti ya bure ya Kobo na kutengeneza fomu ya mazoezi ya kupima lishe ya watoto kwa utepe wa mkono. Watoto wanaopimwa hivi ni wa miezi 6 hadi 59. Mzingo wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5, mtoto ana utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 mpaka kabla ya kufika 12.5, ana utapiamlo wa wastani. Katika fomu anaweka mipaka hii, wa kwanza ukiwa wa umri na wa pili wa mkono:

```
. >= 6 and . <= 59
. >= 7 and . <= 22
```

Ile nukta ni jibu lenyewe. Kuna tepe zilizoandikwa milimita, na karani aliyechoka na jua husoma 125 akaiandika hivyo hivyo badala ya 12.5. Fomu yenye mpaka itaikataa papo hapo. Isiyo na mpaka itaipokea, na kosa litaonekana ofisini wakati mtoto yuko kilomita mia. Vivyo hivyo, mama akisema mtoto ana miaka miwili na karani akaandika 2, fomu itakataa, na karani atakumbuka kuwa wanataka miezi, yaani 24.

Binti huyo aijaribu fomu kwa majibu ya kubuni, asiende kupima watoto wa watu bila ruhusa. Kisha aandike ukurasa mmoja: fomu ilikuwa ya nini, mipaka aliiweka wapi, na makosa gani yalizuiwa. Ukurasa huo, pamoja na cheti cha kozi, una uzito kuliko vyeti kumi vya semina za siku moja.

Sasa mipaka ya haya yote, ili mtu asidanganyike. Karani wa Garissa huuliza maswali kwa Kisomali. Kijana wa Lamu asiyekijua hatatumwa kijijini hata akiwa na vyeti vyote, ila anaweza kufaa kwenye kutengeneza fomu na kusafisha takwimu. Akirudi kwao mambo hugeuka. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti zenye ukame, Lamu na Tana River zikiwemo, na huko Kiswahili, Kipokomo au Kiorma ndiyo mtaji. Pia kazi zenyewe zimepungua tangu Marekani ilipositisha misaada yake mwanzoni mwa 2025, kwa hivyo wanaoshindania nafasi moja wameongezeka.

Kwa mpangilio: mwaka wa pili kozi za Kaya, mwaka wa tatu fomu ya Kobo, mwaka wa nne BSAFE na huduma ya kwanza, pamoja na PIN ya KRA na hati ya tabia njema, ambayo huombwa kupitia eCitizen kisha ukaenda kuchukuliwa alama za vidole. Ukitoa ya huduma ya kwanza na ada ya hati hiyo, yote haya ni bure. Na mzazi, akija mtu akitaka pesa ili mtoto wako apewe ukarani wa shirika, mfunge mlango. Shirika la kweli halimtozi anayeomba kazi.