Sampuli

Sampuli ni sehemu ndogo inayochukuliwa ili iwakilishe kitu kizima, na ujumlishaji ni hatua ya kutoka kwenye machache yaliyopimwa kwenda kwenye mengi yasiyopimwa. Mtu akijaza chupa 10 kwenye chemchemi moja ya Sekei, chini ya Mlima Meru, akakuta floridi haizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, bado hajathibitisha kwamba maji ya mlima huo wote ni salama, kwa kuwa floridi hutoka katika miamba ya volkano na hutofautiana sana hata kati ya vyanzo vilivyo jirani. Chupa hizo ni shahidi mmoja aliyeulizwa mara kumi. Chupa chache kutoka chemchemi, visima na mito ya miinuko mbalimbali, masika na kiangazi, zina nguvu zaidi.