Hesabu ya Ghala: Juu ya Faida Zinazoahidiwa Wakulima katika Maandiko ya Utafiti

Katika maandiko ya utafiti yanayopelekwa mbele ya kamati za vyuo vyetu na mbele ya wafadhili, sehemu iitwayo Umuhimu wa Utafiti aghalabu huandikwa mwisho na kwa haraka, ilhali ndiyo sehemu ya pekee ambamo mwandishi humwahidi mtu asiyehudhuria kikao. Maswali ya utafiti na mbinu zake huwahusu wanazuoni wanaojua kuyapima. Bali umuhimu humhusu mkulima wa Mpitimbi au wa Madaba, ambaye hatalisoma andiko lenyewe, lakini atasomewa maneno yake yakisha kuhamishwa katika barua ya kuomba ridhaa, na kwa kuyaamini maneno hayo atafungua ghala lake na kuwaruhusu wageni wahesabu punje zake. Kwa hiyo mubalagha katika sehemu hii si kosa la mtindo tu. Ni kupata ridhaa kwa bei isiyo ya kweli. Dai langu ni kwamba kuiandika upya sehemu hii ni kazi ya hesabu kabla haijawa kazi ya maneno, na kwamba hesabu hiyo ikifanywa kwa insafu hubadilisha si umuhimu peke yake, bali hata mbinu za utafiti.

Tuchukue andiko la kubuni, lakini la namna ambayo msomaji ataitambua mara moja. Mtafiti anataka kulinganisha viroba vya kawaida na mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, katika kuhifadhi mahindi ya wakulima wadogo wa Wilaya ya Songea. Swali lake ni jema, kwa kuwa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na dumuzi, mdudu aliyeingia Tanzania kupitia Tabora na kutambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, angali akigeuza punje kuwa unga ndani ya maghala yetu. Lakini chini ya umuhimu ameandika hivi: “Matokeo ya utafiti huu yatapunguza upotevu wa mahindi, ambao ni asilimia 30 hadi 40 ya mavuno, yatainua kipato cha wakulima wa Mkoa wa Ruvuma, yataondoa tatizo la sumukuvu, na yatawasaidia watunga sera kuhakikisha usalama wa chakula nchini.” Sentensi moja imebeba ahadi nne, na hakuna hata moja ambayo utafiti wenyewe umejiandaa kuitimiza.

Tuanze na asilimia, maana ndiyo inayotia uzito katika zote zilizobaki. Tarakimu za namna hii kwa kawaida hutokana na taarifa ya mwaka 2011 ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliyokadiria kwamba takriban theluthi moja ya chakula kinachozalishwa kwa ajili ya watu duniani hupotea au hutupwa. Kadirio hilo lilijumlisha nyanya na maziwa, samaki na mikate, na lilihesabu tangu shambani hadi mezani, pamoja na chakula kinachotupwa katika majumba ya nchi tajiri. Kulichukua na kuliweka juu ya mahindi makavu yaliyomo ghalani Songea ni kupima kitu kimoja kwa kipimo cha kingine.

Fauka ya hayo, hata mtafiti akipima mwenyewe katika vijiji vyake, upo mtego mwingine ambao wengi hunasa ndani yake bila kujua. Husemwa kwamba baada ya miezi minane mahindi yaliyomo katika kiroba yamepoteza asilimia 10 ya uzito wake, kisha asilimia hiyo ikazidishwa kwa akiba yote aliyoanza nayo mkulima. Walakini aila haiyatazami mahindi miezi minane bila kuyagusa, huyala. Tuseme nyumba imeweka kilo 800 katika viroba vinane mwezi wa Agosti, na kila mwezi hufungua kiroba kimoja. Tuseme tena kwamba viroba viwili vya kwanza havikupungua kitu, cha tatu kimepungua kilo 1, cha nne kilo 2, cha tano 4, cha sita 6, cha saba 8, na cha nane, kilichokaa hadi Machi, kilo 10. Jumla ya hasara ni kilo 31, nayo ni chini kidogo ya asilimia 4 ya akiba, wala si kilo 80 kama ilivyodhaniwa. Tarakimu hizi ni za mfano tu, kwani kila kijiji na kila msimu una zake. Lakini njia ya kuhesabu ndiyo sahihi, na mtu akiifuata ataona kwamba hasara ya mwisho wa msimu si hasara ya msimu mzima.

Sasa kilo hizo zigeuzwe fedha, kwa kuwa andiko limeahidi kipato. Tuchukulie kwamba mfuko usiopitisha hewa huuzwa shilingi 5,000 na kiroba cha kawaida shilingi 1,000. Mkulima wetu ataongeza shilingi 32,000 juu ya gharama aliyoizoea. Ikiwa mifuko hiyo itamwokolea kilo 28 kati ya zile 31, na kilo moja ni shilingi 600, amepata shilingi 16,800. Katika msimu wa kwanza, basi, bado yumo katika hasara; msimu wa pili ndipo gharama inaporudi, tena kwa sharti kwamba panya hawakutoboa plastiki wala dumuzi hawakuitafuna. Jirani yake mwenye kilo 800 alizoziweka ili aziuze Machi, bila kuzigusa kabla ya hapo, yuko katika hali nyingine kabisa: yeye ndiye ambaye angepoteza zile kilo 80, na akiokoa 75 kwa bei ya Machi, tuseme shilingi 800, amepata shilingi 60,000, na mifuko yake imejilipa kabla msimu haujaisha. Na yuko wa tatu, ambaye huuza karibu mavuno yake yote Agosti kwa sababu ana deni la mbolea na karo ya watoto. Huyu mifuko haimfai kitu, kwa kuwa hana cha kuhifadhi, naye yamkini ndiye maskini kuliko wote watatu.

Hapo ndipo maneno “wakulima wa Mkoa wa Ruvuma” yanapoonyesha upungufu wake. Faida ipo, na kwa yule wa pili ni kubwa, lakini haienei sawasawa; na mwandishi asiyebainisha ni nyumba ya aina gani inayofaidika amemwahidi maskini kitu kitakachokwenda kwa jirani yake mwenye nafasi. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa zito zaidi katika sehemu hizi za umuhimu, zito kuliko kuongeza sifuri katika tarakimu, kwa sababu halionekani kwa macho ya mkaguzi.

Ahadi ya sumukuvu inataka hadhari ya peke yake, kwa kuwa inagusa uhai wa watu. Mwaka 2016 ugonjwa uliosababishwa na sumukuvu katika mahindi uliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Mbele ya msiba kama huo hapana ruhusa ya kusema ovyo. Mfuko usiopitisha hewa huwazuia wadudu kwa kuwamalizia oksijeni, na huzuia ukungu usiendelee kukua katika nafaka iliyokauka vizuri. Lakini sumu iliyokwisha kuingia katika punje shambani, au wakati wa kuanika chini, mfuko hauiondoi kamwe. Na nafaka ikifungiwa kabla ya kukauka, unyevu wake ukiwa juu ya kile kiwango cha asilimia 13.5 kinachopendekezwa, itaoza humo humo mfukoni. Andiko la kweli litaahidi, basi, kitu kidogo lakini cha hakika: kwamba kila nyumba itakayoshiriki itafundishwa kupima ukavu kwa chupa na chumvi, yaani kutia punje na chumvi kavu katika chupa ya kioo iliyo kavu, kuitikisa, kuiacha kwa muda wa dakika 10 hivi, kisha kutazama kama chumvi imenata kwenye kioo. Ikinata, mahindi hayajawa tayari kufungwa.

Husemwa kwamba mfadhili hatoi fedha kwa ajili ya kilo 28. Hoja hiyo ina nguvu, wala siidharau, lakini sisi wa pande hizi tunayo historia ya kuijibu. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa muda wa takriban majuma 9, ukapendekeza kulima karanga katika ekari 3,210,000, nyingi zao zikiwa Tanganyika. Na natija iliyoahidiwa ilikuwa tani 600,000 za karanga kwa mwaka, mafuta kwa jamaa za Uingereza na maendeleo kwa wenyeji. Kongwa, ambako kazi ilianza, ardhi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, na mvua haikuwa ile iliyokisiwa. Kwa ajili ya Nachingwea, katika Jimbo la Kusini ambalo Songea nayo ilikuwa wilaya yake, reli na bandari vilijengwa kungojea mavuno ambayo hayakuja. Januari 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zilifutwa katika vitabu vya serikali ya Uingereza. Mpango ule haukukosa fedha, wala haukukosa watu wa kuusifu. Ulikosa kipimo cha mvua na cha udongo kilichochukuliwa mahali penyewe, kwa miaka ya kutosha, kabla ya ahadi.

Wamebaki wale watunga sera. Neno hilo halina anwani, na faida isiyo na anwani haifiki. Mtafiti na ajiulize ni nani katika halmashauri za Wilaya ya Songea atakayeamua jambo kwa kuyatumia matokeo haya, na ataamua nini. Jawabu la utafiti wetu wa mfano ni afisa ugani wa kata, ambaye leo huwashauri wakulima wote kwa namna moja, na ambaye, akiwa na hesabu ya nyumba za aina tatu, ataweza kumwambia mwenye kuhifadhi hadi Machi anunue mifuko, na kumwambia mwenye kula akiba yake mapema aanze na mifuko miwili tu, ya viroba vitakavyofunguliwa mwisho.

Kwa mujibu wa haya yote, sehemu ile inaweza kuandikwa upya hivi: “Utafiti utaonyesha ni kilo ngapi za mahindi zinaokolewa katika nyumba zinazohifadhi kwa chakula na katika zile zinazohifadhi kwa kuuza, na ni msimu wa ngapi gharama ya mifuko inarudi kwa kila aina. Nyumba zinazouza mavuno yote Agosti hazitarajiwi kunufaika. Utafiti hautapima sumukuvu, bali washiriki wote watafundishwa kupima ukavu wa nafaka. Matokeo yatasomwa katika mkutano mkuu wa kila kijiji na kukabidhiwa afisa ugani kabla ya mavuno yafuatayo.”

Msomaji makini ataona kwamba aya hii imemtwika mwandishi kazi ambazo andiko la kwanza halikuzitaja. Ili aseme habari za nyumba za aina mbili, sharti achague sampuli yenye zote mbili. Ili ajue hasara ya msimu mzima, sharti kila nyumba iwe na daftari la kuandika siku kiroba kilipofunguliwa na uzito uliokutwa ndani, badala ya yeye kuja mara moja mwezi wa Machi na mizani yake. Na ili matokeo yasomwe vijijini kabla ya mavuno, sharti bajeti iwe na nauli ya kurudi Mpitimbi na Madaba mwezi wa Mei, iliyoandikwa katika mstari wake mwenyewe, ambao kamati inaweza kuuona na kuuliza juu yake.