Pengo Kati ya Betri Mbili

Historia ya kampuni ya Anker inaanzia kwenye maoni ya wanunuzi. Mwaka 2011 Steven Yang, mhandisi wa Google, aliacha kazi akaingia katika biashara ya betri za kompyuta mpakato. Kwenye Amazon aliona makundi mawili: betri halisi, zilizosifiwa lakini ghali, na za bei nafuu, zilizolaumiwa kwa ubovu. Katikati hapakuwa na kitu, naye akapaingia hapo.

Kazi kubwa ni kuzichambua lawama. Kifurushi kikichelewa, kosa ni la msafirishaji. Lakini wanunuzi wa chapa tofauti wakilalamika kwamba betri haikai na chaji baada ya miezi michache, hapo pana kasoro ya kurekebisha. Mimi huanza na maoni ya nyota tatu, kwa kuwa mwandishi wake hajapofushwa na hasira wala mapenzi.

Hata hivyo, aliyeshindwa na bei hakununua, basi hakuandika. Tena sifa nyingine hulipiwa: mwaka 2021 Amazon ilifungia mamia ya chapa za Kichina kwa kuchezea maoni.