Mikebe na bidhaa za pakiti: soma tarehe, halafu kagua mukebe mwenyewe

Bidhaa mingi za mikebe zinazouzishwa Lubumbashi, kama vile sardini, tomati, maharagwe na maziwa, zinatoka Afrika Kusini na Zambia, na zinaingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Maandishi yake iko mara mingi ya Kiingereza, na wanunuzi wengi hapa kwetu wamesoma Kifaransa. Ndiyo maana inafaa kujua alama chache mbele ya kulipa.

Alama tatu za tarehe

Herufi MFD ao PROD zinaonyesha siku bidhaa ilitengenezwa. Hiyo si siku ya mwisho. Kuna watu wanaoisoma kwa haraka na wanafikiri bidhaa iko perime, kumbe iko mupya.

Herufi BB ao BBE zinaonyesha siku ambayo bidhaa iko bado na utamu wake wote. Kwa Kifaransa, utaona neno preferansi katika sentensi ya tarehe. Biskuti ama makaroni ikipita siku hiyo kidogo, inaweza kupoteza ladha ama kulegea, lakini haibadiliki sumu usiku mmoja. Kama pakiti iko nzima na ilikaa pahali pakavu, hatari iko ndogo.

Herufi EXP ni siku ya mwisho. Ikipita, usinunue hata kama wanakupunguzia bei. Na kwa maziwa ya mtoto mchanga, usikubali tarehe iliyopita, alama ikiwa yoyote.

Tarehe ingine inachanganya: 05/11/2026 ni Mei ama Novemba? Uliza mikebe mingine ya kampuni ileile. Ukipata moja yenye namba inayopita 12, kwa mfano 23/11/2026, sasa unajua kama siku ndiyo inaandikwa mbele, kwa sababu hakuna mwezi wa 23. Kama wameandika 11/2026 tu, unahesabu mpaka mwisho wa mwezi ule.

Angalia pia kama tarehe imefutwa ama imebandikwa karatasi juu. Linganisha tarehe ya mukebe na ile ya karton. Zikiachana, rudisha.

Tarehe nzuri, mukebe mubaya

Tarehe inahesabiwa kwa mukebe uliofungwa vizuri. Mwezi wa 7, 2021, kampuni ya Tiger Brands ya Afrika Kusini iliita irudishwe mikebe karibu milioni 20 ya mboga, ya alama KOO na Hugo's. Tarehe haikuwa shida. Mikebe mingine ilikuwa na kasoro kwenye mshono wa ubavuni, na mukebe unaovuja pale unaweza kuingiza vijidudu.

Basi, shika mukebe mukononi na uugeuze. Kwanza, bonyeza mufuniko na kidole gumba, juu na chini. Unapaswa kuwa sawasawa ama kuingia ndani kidogo. Kama umevimba, ama unashuka na kurudi na mlio, kuna gazi ndani. Huwezi kujua pale sokoni kama gazi inatoka kwa vijidudu ama kwa asidi ya tomati inayokula chuma. Kwa hiyo acha.

Pili, tafuta ubonyeo. Kama uko katikati ya ubavu, mdogo na laini, si shida kubwa. Lakini kama uko juu ya mshono, kwenye ukingo wa mufuniko, ama una ncha kali, mukebe unaweza kuwa umefunguka mahali usipoona.

Tatu, pangusa kutu na kitambaa. Ikitoka na chuma kubaki laini, ilikuwa ya juu tu. Ikibaki na vishimo, kataa. Etiketi yenye kunata ama yenye doa la mafuta inaonyesha kama kuna kitu kinavuja.

Sababu ya ukali huu

Ndani ya mukebe hakuna hewa, na pale kuna kijidudu kinachoweza kutengeneza sumu ya botulismi. Sumu hii haionekani na mara ingine hainuki, kwa hiyo usionje kidogo ili kujaribu. Alama zake zinakuja mara mingi kisha saa 12 mpaka 36: macho kuona mbili-mbili, kope kushuka, kushindwa kumeza na kusema, mikono kulegea. Hapo ni kukimbia hospitali, na kupeleka mukebe pia.

Maziwa ya kupimwa

Maziwa ya unga yanayopimwa na kutiwa ndani ya visashe vya plastiki hayana tarehe. Omba muuzishaji akuonyeshe mufuko mkubwa. Hata hivyo, tarehe yake ilikuwa ya mufuko uliofungwa: kisha kufunguliwa, unyevu unaingia. Unga ukiwa na mabonge magumu, rangi ya manjano ao harufu ya mafuta yaliyochacha, yaache pale pale mezani.